Kichwa cha habari cha Kiajemi kwenda Kiingereza: mtafute mtenda kwanza

Juzi nilikaa na binti anayejifunza kutafsiri habari za Iran, na kichwa kimoja kikatushika karibu saa nzima. Mfano huu nimeutunga kwa sura ileile:

```
انتقاد نماینده مجلس از وزیر نیرو درباره خاموشی‌ها
```

Neno kwa neno ni "ukosoaji wa mbunge kutoka waziri wa nishati kuhusu kukatika umeme". Kitenzi hakuna. Binti akaandika kwamba waziri amemkosoa mbunge. Mimi pia niliwahi kuangukia hapohapo, kwa hiyo hatua ya pili nitaieleza kwa urefu.

Hatua ya 1: Soma aya ya kwanza ya habari

Usikiguse kichwa kabla ya hapo.

Hatua ya 2: Kirudishe kitenzi

Wahariri wa Kiajemi hupenda kuanza na nomino ya tendo: ukosoaji, ongezeko, kukamatwa, safari. Nomino hiyo huunganishwa na ile inayofuata kwa izafe, yaani sauti fupi ya "e" ambayo kwa kawaida haiandikwi. Izafe hufanya kazi kama "-a" yetu ya "wa, ya, kwa", na ina utata uleule. Katika "safari ya waziri", waziri ndiye mtenda. Katika "uuzwaji wa mafuta", mafuta yametendwa. Kiswahili hutusaidia kwa "-w-" ya kutendwa, lakini nomino ya Kiajemi mara nyingi haina alama yoyote.

Kinachopoteza watu zaidi ni kihusishi `از`, kinachotamkwa "az". Kamusi itakwambia ni "kutoka", na kweli ndivyo kilivyo katika "kujiondoa kutoka" au "kufukuzwa kutoka". Lakini baada ya nomino za kukosoa, kuunga mkono, kutetea, kushukuru, kushtaki na kuomba, anayefuata `از` ndiye anayeelekezewa tendo. Anayekosoa yuko kabla yake, anayekosolewa yuko baada yake. Hivyo ukikuta "ombi la A az B", A ndiye aliyeomba na B ndiye aliyeombwa.

Njia ninayoiamini kuliko kamusi yoyote ya lugha mbili ni kuandika kwanza sentensi kamili ya Kiswahili: "Mbunge alimkosoa waziri." Kiambishi "a-" na "-m-" vinakulazimisha uamue nani alimfanya nini nani. Ukishindwa kuviweka, bado hujakielewa kichwa, na Kiingereza chako kitakuwa cha kubahatisha.

Wakati mwingine mtenda ameachwa kabisa, kwa mfano "Kukamatwa kwa watuhumiwa 3". Usimbunie polisi. Kiingereza kina kauli ya kutendwa isiyo na kitenzi kisaidizi, nayo inatosha:

```
Three Suspects Arrested in Tehran
```

Mji uchukue ndani ya habari, si kichwani mwako.

Hatua ya 3: Kata, kisha ongeza neno moja

```
Iran MP Criticises Energy Minister Over Blackouts
```

Wakati uliopita umekuwa uliopo, "bunge" limeingia ndani ya `MP`, na `Iran` imeongezwa kwa sababu msomaji wa Tehran haihitaji ila wa nje anaihitaji. Sitaki kabisa `slams` hapa. Ukosoaji wa kawaida ukipewa neno hilo unakuwa ugomvi ambao mwandishi wa kwanza hakuuandika.

Hatua ya 4: Nukta mbili

```
وزیر نیرو: تابستان خاموشی نخواهیم داشت
```

Yaani: "Waziri wa Nishati: majira ya joto hatutakuwa na mgawo wa umeme." Jina, nukta mbili, kisha kauli isiyo na alama za kunukuu. Inaonekana kama maneno yake halisi, lakini mara nyingi mhariri ameyafupisha huku akiiacha nafsi ya kwanza. Kwa hiyo usiweke alama za kunukuu katika Kiingereza mpaka uione sentensi hiyohiyo ndani ya habari. Hata alama za « » zikiwepo, huenda zinazungushia jina la mpango au la operesheni tu.

Kitenzi changu cha kawaida ni `says`. Natumia `warns` pale tu Kiajemi kinaposema onyo. Neno `ادعا`, dai, lina uzito wake: vyombo vya Iran hulitumia sana kwa kauli za wapinzani. Kama mteja anataka kujua chombo kilivyoandika, weka `claims`. Kama anataka kujua kilichosemwa, rudi kwenye `says`.

Kisha tafuta sharti. Tuseme aya ya tatu ya habari hii inasema "iwapo matumizi yatadhibitiwa". Kichwa cha Kiajemi kimelidondosha, wewe lirudishe:

```
No Summer Blackouts if Use Is Curbed, Iran Minister Says
```