Chupa ilipasuka saa nane ipi? Kumkinga mama na mtoto dhidi ya streptokoka kundi B

Nawaandikia wakunga wenzangu wa vituo visivyo na maabara ya kuotesha vijidudu. Streptokoka kundi B hukaa ukeni bila kumsumbua mama, kisha humwingia mtoto maji yakishavuja au anapopita. Bila kipimo, tunafuata dalili za hatari.

1. Tafuta hatari. Homa ya 38 au zaidi kwenye uchungu, mimba chini ya wiki 37, mtoto aliyetangulia kuugua bakteria huyu, bakteria huyu kuonekana kwenye mkojo mimba hii, au chupa kupasuka muda wa saa 18 na zaidi.

2. Hesabu saa za chupa. Hapa ndipo nilipoteleza. Mama alifika saa nne asubuhi, akasema maji yalitoka "saa nane". Nikaandika 08:00, yaani saa mbili tu zimepita. Kumbe alimaanisha saa nane mchana wa jana: saa 20! Sikumpa dawa. Sasa siulizi "saa ngapi" peke yake. Nauliza, "Ulikuwa unafanya nini maji yalipotoka?" Akisema alikuwa anaosha vyombo vya mchana, najua. Kisha naandika tarehe pamoja na saa. Maji yanayochuruzika kidogo kidogo nayo yanahesabiwa, tangu kanga ilipolowa mara ya kwanza. Mama akidhani ni mkojo, mwekee pedi safi, mrudie baadaye uitazame. Usimpime kwa vidole ili kuhakikisha tu. Kila kipimo cha ndani hupandisha vijidudu.

3. Dawa. Uliza mzio kwanza. Mimi huchagua benzilipenisilini kwenye mshipa: uniti milioni 5, halafu milioni 2.5 kila baada ya saa 4 hadi ajifungue. Kinga huwa nzuri zaidi dozi ya kwanza ikitangulia kuzaliwa kwa saa 4. Mwenye homa tayari anahitaji tiba kamili, siyo kinga hii.

4. Mtoto. Wengi huugua ndani ya saa 24. Mtoto wa yule mama wa saa nane alizaliwa saa sita mchana, akalia vizuri. Jioni alikuwa anaguna kila akitoa pumzi, ameacha kunyonya, anapumua mara 72 kwa dakika. Joto lilikuwa 36.8, na joto hilo lilitaka kunidanganya. Hesabu pumzi dakika nzima; 60 na kuendelea, rudia kuhesabu. Zikibaki hapo, au akiguna, au kifua kikibonyea ndani, mpe ampisilini na jentamaisini, kisha mpe rufaa akiwa kifuani kwa mama.

5. Mama. Mfuatilie hadi siku 42. Homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu ukibonyeza chini ya kitovu: anza tiba. Usingojee harufu. Damu ya uzazi yenye streptokoka inaweza isinuke kabisa.