Norovirasi na homa ya ini A: kuhesabu siku za kumzuia mhudumu wa chakula kwenye mtihani

Jumamosi nilikaa na mdogo wangu anayesomea afya ya mazingira hapa Dodoma, tukapitia maswali ya mtihani. Kwenye siku za mhudumu wa chakula kukaa nje ya kazi alikosea palepale nilipokosea mimi miaka ile. Hesabu ninazoandika hapa ni za Kanuni ya Chakula ya Marekani, ndiyo iliyokuwa kwenye notsi zake. Swali likitaja kanuni nyingine, fuata hiyo.

Hatua ya 1: Soma muda kabla ya dalili

Norovirasi huanza saa 12 hadi 48 baada ya mtu kuambukizwa. Homa ya ini A huchukua siku 15 hadi 50, kwa wastani 28. Wageni wa harusi wakitapika kesho yake, usiandike homa ya ini.

Hatua ya 2: Norovirasi, hesabu kutoka dalili zilipoisha

Mhudumu anatapika Jumatatu usiku. Anaharisha mara ya mwisho Jumatano saa 9 alasiri. Saa 48 zinaanzia hapo Jumatano, kwa hiyo harudi kushika chakula kabla ya Ijumaa saa 9 alasiri. Akiharisha tena Alhamisi, unaanza upya. Kirusi huendelea kutoka na kinyesi hata wiki mbili na zaidi, ndiyo maana akirudi anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na asishike kachumbari kwa mikono mitupu. Vile vitakasa mikono vya spiriti vinavyowekwa mlangoni kwa mbwembwe, mimi sivihesabu. Kwa norovirasi ni dhaifu.

Hatua ya 3: Homa ya ini A, hesabu kutoka dalili zilipoanza

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Nilishika kwamba saa inaanza mgonjwa anapopona, nikasubiri macho yarudi meupe. Manjano yanaweza kukaa wiki kadhaa, na mimi nikamfungia mtu nje mwezi mzima kwenye karatasi. Kwa homa ya ini A, hatari kubwa huja kabla mtu hajaonekana mgonjwa, na hupungua sana wiki moja baada ya manjano kuanza. Kwa hiyo rangi ya macho siku ya kurudi si kipimo.

Chukua mfano wa mkata kachumbari wa mama lishe karibu na stendi. Tarehe 3 Mei anaanza kuchoka, homa na kichefuchefu, lakini anaendelea na kazi. Tarehe 8 Mei jioni wenzake wanaona macho ya manjano, naye anatolewa kazini siku hiyo. Siku ya manjano kuanza ni sifuri, siku ya 7 ni 15 Mei, na kanuni inataka zipite siku 7. Anarudi 16 Mei, mamlaka ikiidhinisha, hata kama macho bado yana umanjano.

Kama hakupata manjano kabisa, unahesabu siku 14 tangu dalili ya kwanza: 3 Mei mpaka 17 Mei, anarudi 18 Mei. Mtego wa watunga maswali ni kukupa tarehe zote mbili. Manjano yakiwepo, tarehe yake ndiyo inayotawala. Mdogo wangu alijumlisha 14 kwenye 8 Mei, akapata 22 Mei.

Tarehe 22 Mei ina kazi yake, ila kwa walaji. Mtu anaweza kuambukiza wiki mbili kabla ya dalili, kwa hiyo dirisha la walaji wa kuwatafuta linaanza 19 Aprili. Chanjo ya kumkinga mtu aliyekwisha kukutana na kirusi hutolewa ndani ya siku 14. Aliyekula kachumbari 8 Mei ana mpaka 22 Mei. Taarifa ikikufikia 9 Mei, waliokula mara ya mwisho kabla ya 25 Aprili wamepitwa, hao unawafuatilia kwa dalili tu. Wali na maharage yaliyochemka hayanipi wasiwasi sana. Mimi ningeuliza nani alikula kachumbari.

Usikubali cheti cha kupimwa afya kama utetezi. Kinaeleza siku ya kipimo, na mkata kachumbari wetu angeweza kuwa nacho mfukoni 8 Mei.

Hatua ya 4: Kusafisha matapishi

Tumia klorini ya sehemu 1000 hadi 5000 kwa milioni. Jiki ya asilimia 3.5 ni 35,000 kwa milioni, hivyo sehemu 1 ya jiki kwa 34 za maji inakupa 1000, na 1 kwa 6 inakupa 5000. Ondoa uchafu kwanza, kwa sababu klorini inaishia kwenye matapishi kabla haijafika sakafuni. Mdogo wangu aliiandika hatua hii ya mwisho bila kuulizwa, halafu akaniuliza kama glavu zinahesabiwa. Zinahesabiwa, na barakoa pia.