Simu ya usaili imekatika baada ya dakika tano? Fanya hivi

Simu ya kwanza ya afisa ajira mara nyingi ni ya kuchuja tu: uko wapi, unataka mshahara kiasi gani, utaanza lini. Kwa hiyo dakika tano peke yake si dalili ya kukosa. Angalia ilikatikia wapi.

Tuseme uko Kondoa, kazi ni ya uhasibu Dodoma mjini, na umeulizwa utaanza lini, ukiwa unajibu simu ikakata. Mpe dakika chache apige tena. Asipopiga, usimpigie mfululizo, huenda ameshaingia kwa mwombaji mwingine. Tuma ujumbe siku hiyohiyo, umalizie jibu lililobaki:

"Habari za mchana, dada. Tumezungumza leo kuhusu nafasi ya mhasibu, simu ikakatika. Naweza kuhamia Dodoma na kuanza tarehe 1 mwezi ujao. Napatikana kesho kuanzia saa tatu asubuhi. Asante."

Usimuulize kwa nini alikata. Wiki ikipita kimya, kumbushia mara moja tu, kisha endelea kuomba kwingine. Lakini kama alikuaga kwa "tutawasiliana" mara tu ulipotaja mshahara, huenda bajeti yao haifiki hapo. Kama unaweza kushuka, sema kiwango chako cha chini kwenye ujumbe huohuo.