Berlin: Tiketi Isiyogongwa Muhuri Ni Euro 60

Ukishuka uwanja wa ndege wa BER ukitokea Nairobi au Dar, utateremka hadi stesheni iliyo chini ya jengo, utanunua tiketi ya kanda za ABC kwenye mashine na kupanda treni ya S9 kuelekea mjini. Hakuna geti litakalokuzuia. Hapo ndipo wageni wengi wanapokamatwa: tiketi wanayo, wameilipia, ila haina muhuri.

Kwa kuwa hakuna mageti, kampuni za usafiri haziwezi kujua tiketi ya karatasi imeanza kutumika lini. Mashine nyingi huuza tiketi ambayo unaweza kuiweka mfukoni uitumie hata wiki ijayo. Muhuri ndio unaoandika mahali, tarehe na saa, na kuanzia hapo tiketi ya safari moja hudumu saa mbili, kwa kwenda tu bila kurudi. Bila muhuri ungeweza kuionyesha tiketi ileile mwezi mzima. Ndiyo maana mkaguzi humhesabu mwenye tiketi isiyogongwa sawa na asiye na tiketi kabisa.

Kwa hiyo isome kwanza. Ikiandikwa "Bitte entwerten", yaani tafadhali gonga muhuri, lazima uigonge. Vikasha vya kugongea vinasimama kwenye majukwaa ya treni: vyekundu kwa S-Bahn, yaani treni za mjini kama hiyo S9, vya njano kwa U-Bahn, treni za chini ya ardhi. Ingiza upande wenye mshale mpaka usikie mlio, kisha utazame kama wino umetokea, maana wino ukiisha kikasha hulia vilevile. Kikiwa kibovu, kipige picha na utafute kingine. Kwenye basi na tramu kikasha kimo ndani. Gonga mara tu unapopanda. Tiketi ya saa 24 hugongwa mara moja tu, safari ya kwanza.

Ukigundua umesahau na S-Bahn imeshaondoka, shuka stesheni inayofuata, gonga, usubiri treni nyingine. Ndani ya treni hamna kikasha, na wakaguzi wengi huvaa nguo za kiraia. Wakishatoa kitambulisho umechelewa.

Faini ni euro 60, na kueleza kwamba hukujua hakuifuti. Usibishane wala usikimbie. Toa pasipoti, pokea karatasi ya faini, na uitunze pamoja na tiketi yako. Ukiwa na sababu ya kweli, kama vile kikasha kibovu, andika barua mapema kwa anwani iliyo kwenye karatasi hiyo, uambatishe picha. Usipokuwa na sababu, lipa ndani ya muda ulioandikwa humo, kwani ukichelewa gharama za madai huongezwa juu yake.

Wanaoishi Ujerumani wawe waangalifu zaidi. Kusafiri bila kulipa kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 265a cha sheria ya adhabu ya Ujerumani, na anayekamatwa tena na tena anaweza kushtakiwa polisi. Kesi ya namna hiyo hutaki ionekane unapoomba uraia.