Mbia akikopa kimya kimya, deni ni lenu wote

Mko wabia kwenye duka la vifaa vya ujenzi? Wapelekeeni wauzaji wa jumla na benki barua: "Mkopo unaozidi shilingi 500,000 hautambuliki bila saini za wabia wawili." Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkataba wenu wa ndani pekee hautoshi. Kisheria, Tanzania na Kenya pia, mbia akikopa saruji kwa jina la duka anawafunga wenzake, hata wasiojua, na mali zenu binafsi zinaweza kuguswa. Ila mkopeshaji aliyejua kwamba mbia huyo hana ruhusa hawezi kuwadai ninyi. Barua haifuti deni lililokwisha kusainiwa, wala haimgusi muuzaji ambaye haikumfikia.