SOMO: Monita ya nje iendeshwe na chipu ipi kwenye laptopu yenye grafiki mbili

Habari wadau. Vijana wanaohariri video za harusi hapa Mwanza huniuliza swali hili kila mara: "Laptopu yangu ina Intel na NVIDIA, nimechomeka monita, sasa nabonyeza wapi ili monita iendeshwe na NVIDIA?"

Kwenye laptopu nyingi hakuna pa kubonyeza. Monita inaendeshwa na chipu iliyounganishwa kiwandani na tundu ulilochomekea waya. Kwenye mipangilio ya Windows unachagua jambo jingine, yaani chipu ipi ichore picha za programu fulani. Kuchora picha ni kazi moja, kuipeleka kwenye monita ni kazi nyingine, na mara nyingi kila kazi iko mikononi mwa chipu yake. Ukishalitenganisha hilo kichwani, mengine yote ni mepesi.

Kwenye somo hili nitaita "chipu ndogo" ile iliyomo ndani ya prosesa, iwe ya Intel au ya AMD, na "chipu kubwa" ile ya NVIDIA inayojitegemea. Mfano wangu ni wa Windows 11. Wa Linux nimewajibu kwenye maswali.

Hatua ya kwanza: jua kila tundu ni la nani

Chomeka monita kwenye HDMI. Fungua Settings, ingia System, kisha Display, kisha Advanced display. Juu kabisa kuna sehemu ya kuchagua skrini. Chagua monita ya nje, maana ukiiacha kwenye skrini ya laptopu utasoma jibu lisilo lako. Chini ya Display information kuna mstari unaoanza na Connected to, ukifuatiwa na jina la chipu. Hilo ndilo jibu, na halibadiliki hata ukibadili kitu gani kwenye mipangilio ya programu.

Sasa chomoa waya, uhamishie kwenye USB-C kwa adapta, usome tena mstari uleule. Laptopu nyingi za gemu zina HDMI iliyofungwa kwenye chipu kubwa na USB-C iliyofungwa kwenye chipu ndogo, lakini zipo zilizo kinyume, na zipo ambazo matundu yote yako upande mmoja. Usikisie kwa kufuata laptopu ya jirani, hata kama jina la mbele linafanana, kwa sababu toleo la mwaka mwingine huweza kufungwa tofauti. Ukishajua, bandika kipande cha plasta kando ya kila tundu na uandike.

Hatua ya pili: amua kwa kuangalia kazi yako

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kudhani chipu kubwa ni bora kila wakati. Kuna kijana ana studio Kirumba. Laptopu yake ina Core i5 na RTX 3050, na monita yake ni ya inchi 24, 1920 kwa 1080, hezi 60. Umeme ukikatika, monita na taa zinabebwa na inveta ndogo ya sola, lakini chaja ya laptopu ni ya wati 150 na inveta ile haiimudu. Kwa hiyo laptopu inabaki kwenye betri yake. Malalamiko yake yalikuwa kwamba betri inaisha haraka ajabu na feni inavuma hata akiwa anaandika ankara ya mteja tu.

Monita yake ilikuwa kwenye HDMI, na HDMI ile ni ya chipu kubwa. Maana yake ni kwamba maadamu monita imewaka, chipu kubwa haiwezi kulala. Hata ukurasa mtupu wa kuandikia lazima upitie kwake ili ufike kwenye monita. Chipu hiyo ikiwa macho bila kazi yoyote inaweza kula wati kadhaa, kwingine hata kumi. Piga hesabu: betri ya saa-wati 50 ikitumika kwa wati 10 inakupa saa 5. Ongeza wati 10 za chipu iliyokaa macho, unabaki na saa 2 na nusu.

Tulihamishia monita kwenye USB-C, ambayo kwake ni ya chipu ndogo. Chipu kubwa ikalala, feni ikatulia, na kazi ndogondogo za ofisini akazifanya hata umeme ukiwa umekatika.

Akauliza swali la maana: je, kutoa video iliyokamilika sasa kutachelewa? Hapana. Programu ya kuhariri inapotoa video, inaitumia chipu kubwa kukokotoa na kubana picha, na matokeo yanakwenda kwenye faili. Hayaendi kwenye monita, kwa hiyo tundu halihusiki kabisa. Chipu kubwa inaamka, inafanya kazi, inamaliza, inalala tena.

Gemu ni habari nyingine. Hapo kila picha lazima ifike kwenye monita papo hapo. Chipu kubwa ikichora na monita ikawa ya chipu ndogo, kila picha inanakiliwa kwanza kwenda kumbukumbu ya chipu ndogo. Picha moja ya 1920 kwa 1080 ni takriban megabaiti 8. Kwa picha 60 kila sekunde ni kama megabaiti 500, na hiyo laptopu inaimudu bila shida. Kwa monita ya 4K kwa picha 60 inakuwa kama gigabaiti 2 kila sekunde, na hapo upungufu wa kasi na ucheleweshaji unaanza kuonekana. Anayecheza gemu akiwa kwenye umeme wa ukutani atumie tundu la chipu kubwa, tena abonyeze Windows na P kisha achague Second screen only, ili picha zisihangaike na skrini ya laptopu.

Hatua ya tatu: panga programu

Rudi Settings, System, Display, kisha Graphics. Tafuta programu yako kwenye orodha, au iongeze kama haipo, halafu chagua High performance kwa chipu kubwa au Power saving kwa chipu ndogo. Programu ya kuhariri na gemu ziende High performance. Kivinjari na programu za kuandikia ziende Power saving. Funga programu kabisa uifungue upya, maana chaguo linasomwa wakati inapoanza.

Hatua ya nne: hakikisha

Fungua Task Manager. Kwenye Processes bofya kulia vichwa vya safu, washa GPU engine. Mbele ya kila programu utaona GPU 0 au GPU 1. Namba zenyewe hazina maana mpaka uende Performance, ambako kila namba imeandikwa jina la chipu yake. Pale pale unaweza kuona grafu iitwayo Copy. Gemu ikiwa inachorwa na chipu kubwa na kuonyeshwa kwa chipu ndogo, kazi ya kunakili hupanda kwenye grafu hiyo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nyegezi: Mkuu, nikifungua NVIDIA Control Panel naona 3D Settings peke yake. Sehemu ya Display haipo kabisa. Fundi mmoja kaniambia draiva imeharibika, niweke Windows upya. Nifanyeje?

Jibu: Usiweke Windows upya, mkuu. Sehemu ya Display inajitokeza pale tu kunapokuwa na skrini iliyofungwa kwenye chipu kubwa. Skrini ya laptopu yako ni ya chipu ndogo, kwa hiyo haina cha kuonyesha. Chomeka monita kwenye HDMI ufungue tena. Ikijitokeza, umejua pia HDMI yako ni ya nani. Isipojitokeza na monita inawaka, basi HDMI yako ni ya chipu ndogo.

Dada wa Bukoba: Natumia Ubuntu. Nilisoma mahali kwamba ili kutunza betri niandike `prime-select intel`. Betri imekuwa nzuri ila monita imekufa, haionyeshi chochote.

Jibu: Pole dada, monita yako ni nzima. Amri hiyo inaizima chipu kubwa, na HDMI yako imefungwa kwake, kwa hiyo tundu limezimika nayo. Rudisha hivi, kisha uwashe upya kompyuta:

```
sudo prime-select on-demand
```

Hapo skrini ya laptopu inabaki kwa Intel na HDMI inafanya kazi. Kuona chipu kubwa imelala au iko macho, andika:

```
cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/runtime_status
```

Namba 0000:01:00.0 ni ya laptopu nyingi, lakini ihakikishe kwa `lspci`. Ukiona `suspended`, imelala. Ukiona `active`, iko macho. Na ukitaka kutunza betri huku monita ikiwaka, jaribu USB-C.

Mdau wa Musoma: USB-C yangu haitoi picha kabisa, inachaji simu tu. Nimebadilisha adapta mbili.

Jibu: Si kila USB-C inabeba picha. Angalia alama kando ya tundu: alama ya DisplayPort, kama herufi D yenye P ndani, au ya radi ya Thunderbolt, ni dalili njema. Kukiwa na alama ya USB peke yake, tafuta mwongozo wa modeli yako kabla ya kununua adapta ya tatu. Zipo pia adapta zinazochomekwa kwenye USB ya kawaida kwa draiva maalumu, nyingi zikiwa za DisplayLink. Hizo prosesa ndiyo inayobana picha na kuzituma kupitia USB. Kwa maandishi zinafaa, kwa gemu sizipendekezi.

Kijana wa Ukerewe: Shikamoo mwalimu. Nikizima Intel kwenye Device Manager, si kila kitu kitahamia NVIDIA?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, usiizime. Waya wa skrini ya laptopu hauhami kwa sababu umezima draiva. Windows itashika draiva ya kawaida iitwayo Microsoft Basic Display Adapter, skrini itakuwa nzito, na chipu kubwa itakosa njia ya kupitishia picha. Laptopu chache zina swichi ya kweli ya kuhamisha skrini ya ndani, nayo hukaa kwenye BIOS au kwenye programu ya mtengenezaji, kwa majina kama Discrete Graphics au Hybrid Mode. Kama yako inayo, itumie hiyo, na ujue itaomba kuwasha upya. Kama haina, iache Intel ikiwa imewashwa na uchague tundu.