Joto likipanda presha inashuka: namna ya kujua kama dozi yako inahitaji kuangaliwa upya

Dozi ya vidonge vya presha iliyopangwa wakati wa baridi imepangwa presha ikiwa juu. Kiangazi kikifika, vidonge vilevile kwa kiasi kilekile vinaweza kuishusha kupita kiasi, hata kama mgonjwa hajakosea chochote. Anayeishi kwenye nchi yenye majira manne hupitia mabadiliko hayo kila mwaka. Anayepanda ndege kutoka kwenye theluji kwenda nchi ya joto huyapitia kwa usiku mmoja.

Mwili hujipoza kwa njia mbili, na zote hushusha presha. Mishipa midogo ya ngozi hutanuka ili damu ifike karibu na hewa, na hapo nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa hupungua. Kisha jasho hutoa maji na chumvi, na damu inayozunguka inapungua. Kwa watu wenye presha ya kupanda, tofauti kati ya baridi na kiangazi kwa wastani ni kama pointi 5 kwenye namba ya juu. Zinaonekana chache, lakini wastani huo unachanganya asiyeguswa kabisa na anayeshuka pointi 20. Wanaoshuka sana ni wazee, watu wembamba, na wanaomeza aina mbili au tatu za dawa. Hatari huwa kubwa zaidi siku za mwanzo za joto, kwa sababu mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea.

Vidonge havifanani mbele ya joto. Dawa za kukojosha, kama haidroklorothiazaidi, indapamidi na furosemidi, hutoa maji na chumvi kupitia mkojo wakati jasho nalo linavitoa kupitia ngozi. Ndizo za kwanza kutiliwa shaka mtu anapoanza kuona kizunguzungu kiangazi. Losartani, valsartani, enalaprili na ramiprili zina tatizo jingine. Maji yakipungua mwilini, figo hutegemea homoni fulani kubana mishipa yake ili kazi ya kuchuja iendelee, na dawa hizi huizuia homoni hiyo. Mtu aliyepungukiwa maji huku akimeza dawa ya kundi hili pamoja na ya kukojosha, kisha akaongeza ibuprofeni au diklofenaki kwa ajili ya mgongo, anaweza kuumiza figo kwa siku chache tu. Katika wiki ya joto kali, dawa hizo za maumivu usizinunue bila kumuuliza mfamasia.

Amlodipini hutanua mishipa ambayo joto tayari limeitanua, na mara nyingi dalili ya kwanza ni vifundo vya miguu kuvimba jioni. Uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini. Ni maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa iliyotanuka. Akipewa dawa ya kukojosha kwa sababu hiyo, mgonjwa anaongezewa tatizo la pili, na miguu hainywei vizuri. Mwambie daktari uvimbe ulianza siku gani na joto lilikuwaje. Ila kama ni mguu mmoja tu uliovimba na unauma, au uvimbe umekuja na kukosa pumzi, usisubiri miadi. Hayo ni matatizo mengine, na yanataka kuonwa siku hiyohiyo.

Sasa kupima. Kipimo kimoja hospitalini hakitoshi, na kiangazi kinaweza kukupotosha kabisa. Chumba cha daktari kina kiyoyozi, umekaa humo nusu saa, mishipa imebana tena, mashine inaonyesha 128. Nyumbani kwako ghorofa ya juu, madirisha yamepigwa na jua tangu mchana, ni 108. Namba inayokuangusha ni ya nyumbani.

Pima kwa siku 4 mfululizo, au 7 ukiweza, kwa mashine ya mkono wa juu yenye mkanda unaokutosha. Kaa dakika 5 mgongo ukiwa umeegemea na miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya vidonge na jioni. Kama umetoka juani, subiri nusu saa kwanza. Andika pia joto la chumba. Siku ya kwanza iache, halafu tafuta wastani wa zilizobaki.

Kwa kawaida hayo yanatosha, lakini kiangazi yana upungufu. Asubuhi kabla ya kumeza dawa ndipo nguvu ya dozi ya jana imepungua zaidi, kwa hiyo unaweza kuona namba nzuri na kuamini mambo yako sawa. Ongeza kipimo kimoja saa 3 hadi 4 baada ya kumeza, na kingine wakati wowote kizunguzungu kinapokujia.

Kisha pima ukiwa umesimama. Ndicho kipimo kinachotoa habari nyingi kuliko vyote, na wengi hawajawahi kukifanya. Ukishapima umekaa, acha mkanda mkononi, simama karibu na ukuta au kiti kizito, mkono uegemee kitu kilicho usawa wa moyo. Pima baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mwili wako unashindwa kupandisha damu kichwani unapoinuka. Ukianza kuona giza au magoti kulegea, kaa mara moja. Hiyo nayo ni taarifa ya kumpa daktari, hata kama mashine haijamaliza kusoma.

Mwaka 2020 wataalamu wa Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu walitoa maelekezo kuhusu jambo hili. Kwa ufupi, anayemeza dawa akishuka chini ya lengo lake huku ana dalili, dozi iangaliwe upya. Namba ya juu ikiwa chini ya 110, iangaliwe hata kama hana dalili. Kwa hiyo wastani ulio chini ya 110 ukiwa umekaa, au mshuko wa 20 ukisimama, ni sababu ya kupiga simu wiki hiyohiyo bila kungoja miadi ya miezi mitatu ijayo. Ukizirai, ukianguka, ukikuta namba ya juu iko chini ya 90 pamoja na dalili, au ukikaa saa nyingi bila mkojo, tafuta huduma siku hiyo. Mtu akianza kuchanganyikiwa kwenye joto huku mwili ukiwaka, piga namba ya dharura na uanze kumpoza kwa maji.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 64 mwenye kisukari. Kila asubuhi humeza amlodipini miligramu 10 na kidonge kimoja chenye dawa mbili ndani: losartani 100 na haidroklorothiazaidi 25. Februari wastani wake ulikuwa 131/79. Julai, joto likiwa nyuzi 33 kwa siku kadhaa, anajisikia mchovu, mkojo umekuwa wa njano iliyokolea, na akiinuka kitandani hushika ukuta. Wastani wake akiwa amekaa ni 109/66. Akisimama dakika moja ni 88/58, yaani ameshuka pointi 21.

Ujumbe wake kwa kliniki una mistari mitatu tu: majina na miligramu za dawa zote, wastani akiwa amekaa na akiwa amesimama, na siku dalili zilipoanza. Ukiandika “najisikia vibaya na joto” utapangiwa foleni ya kawaida. Ukiandika “109/66 nikikaa, 88/58 nikisimama, natumia dawa ya kukojosha” aliyeupokea anajua afanye nini. Anaitwa kutoa damu ili waangalie sodiamu na potasiamu, yaani chumvi za damu, pamoja na kreatinini inayoonyesha figo zinafanyaje kazi. Sodiamu ni 131, wakati kiwango cha kawaida huanzia 135. Kreatinini haijabadilika.

Daktari anabadilisha kitu kimoja. Kidonge chenye dawa mbili kinaondoka, anapewa losartani 100 peke yake, na amlodipini inabaki. Dawa ya kukojosha ndiyo iliyotolewa kwa sababu ndiyo inayopoteza chumvi, na damu imeonyesha hivyo. Losartani imebaki kwa sababu mzee huyu ana protini kwenye mkojo na dawa hiyo inalinda figo zake. Mwenye ugonjwa wa moyo au historia tofauti angeamuliwa vingine, ndiyo maana nakala ya uamuzi wa jirani haikufai. Baada ya wiki mbili wastani ni 122/74 akikaa na 115/73 akisimama, na sodiamu imefika 137.

Yapo mambo ambayo angeweza kukosea hapo katikati. Angeweza kukata kile kidonge cha dawa mbili nusu, na hapo angepunguza losartani pia bila sababu. Vidonge vya kuachia dawa polepole havikatwi kabisa, maana dozi nzima inaweza kutoka kwa mkupuo. Angeweza kuacha dawa zote. Kwa anayetumia bisoprololi, atenololi au klonidini hilo ni hatari zaidi, kwa sababu zikikatishwa ghafla moyo huenda mbio na presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Angeweza pia kuongeza chumvi au kunywa maji lita kwa lita. Sodiamu ikiwa tayari chini, maji matupu mengi huishusha zaidi, na mwenye moyo dhaifu au figo mbovu ana kiwango cha maji alichowekewa. Kiwango hicho nacho hujadiliwa na daktari, hakivunjwi kwa sababu ya kiu.

Usihukumu dozi mpya kwa siku mbili. Amlodipini hubaki mwilini siku kadhaa, na athari ya dawa ya kukojosha huisha taratibu. Pima tena baada ya wiki moja hadi mbili. Na dozi ikipunguzwa, ipunguzwe hatua moja tu, kwa sababu kwa baadhi ya watu presha ya mchana hushuka kiangazi ilhali ya usiku hupanda.

Upande unaosahaulika ni wa kurudi kwa baridi. Mzee wetu akibaki na dozi ya Julai, Oktoba nyuzi zikiwa 9 wastani wake unafika 139/84, na hatahisi chochote. Siku dozi inapopunguzwa, omba palepale tarehe ya kupima tena joto likishuka, na iandikwe kwenye faili. Kwa anayesafiri kutoka baridi kwenda joto, muulize daktari wiki tatu kabla ya safari: nipunguze ipi nikishuka chini ya namba gani, na niirudishe lini? Jibu liwe kwenye karatasi pamoja na majina halisi ya dawa na miligramu zake, si jina la kibiashara peke yake. Mashine ya kupimia na vidonge viwe kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Ukifika, usiviache kwenye gari lililopaki juani, kwa sababu pakiti nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 25 au 30.